Sakafu ya Ghala la Alizeti

Mama mwenye kinu cha alizeti pale Utemini alishamwagiwa sakafu moja mbovu. Kila akiifagia inatoa vumbi, na vumbi linaingia kwenye magunia. Alituambia mapema: sakafu ya ghala jipya ikitoa vumbi, tutavunja tuanze upya. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na kichwani nilishaivunja sakafu hiyo mara nyingi kabla zege halijamwagwa.

Tulimwaga asubuhi. Upepo wa Singida ukaanza mapema. Mlangoni zege likapauka, huku ndani maji yamesimama juu yake. Vijana wakachukua mfuko wa saruji kavu wainyunyize inyonye maji, kama walivyozoea.

"Baba, naomba tusinyunyize," nilimwambia fundi mkuu. "Itafanya ngozi dhaifu juu, na ngozi hiyo ndiyo itakayokuja kuwa vumbi."

"Sasa maji haya utayanywa wewe, injinia?"

Walicheka, nami nikacheka kwa woga. Lakini aliagiza mpira mrefu, wawili wakaushika huku na huku, wakayaburuta maji hadi nje. Tukatundika maturubai upande wa upepo, tukasubiri.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Tukichelewa kupitisha mashine ya kulainisha, zege litatushinda; tukiwahi, tutayafungia maji ndani. Nilikanyaga hapa, nikakanyaga pale.

"Mwanangu, zege hili si la kucheza ngoma," fundi alisema.

Mlangoni palionekana pamekauka kabisa. Nilitaka kuita mashine, nikajaribu kwanza: buti likazama. Upepo ulikausha juu tu, chini bado ni uji.

Baadaye buti liliacha alama ndogo tu, na halikutoka na maji. Nilimtazama fundi. Naye alikuwa ananitazama.

"Washa," alisema.

Mashine ikaunguruma, ikazunguka na sahani yake bapa, kisha tukaifunga mapanga ya chuma ya kung'arishia, tukayainamisha zaidi kadiri zege lilivyokaza. Sakafu ilianza kuwa nyeusi, halafu ikang'aa, hadi mabati ya paa yakaonekana ndani yake. Nilikuwa natembea pembeni natabasamu peke yangu. Jioni tukaifunika magunia mabichi.

Alfajiri tulijaribu msumeno wa kukatia zege pembeni. Kokoto hazikung'oka, basi tukakata mistari kutoka nguzo hadi nguzo, robo ya unene wa zege. Yule mama alifika akashtuka.

"Mnaipasua sakafu yangu?"

"Itapasuka tu, mama, zege likisinyaa. Tunaichagulia pa kupasukia, chini ya mistari hii."

Tuliendelea kulowesha magunia kila siku, nami nikaendelea kuwaza.

Siku ya kukabidhi, sakafu ikiwa imekauka, mama alivua mtandio wake mweusi, akapiga goti katikati ya ghala, akasugua kwa nguvu. Akaugeuza, akaukagua kwenye mwanga wa mlango.

Alijifunga mtandio uleule kichwani.

"Waambie wa lori warudi nyuma hadi mlangoni," alisema. "Magunia yaingie."