Herufi za Mama Leokadia

Mbuke alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Ilomba. Msiba wa baba yake, aliyekuwa na wake wawili, ulipotokea, wasifu akauandika yeye. Kila nyumba ilituma sehemu yake kwa barua pepe, naye akanakili na kubandika.

Nilikuwa pale benchini nikisubiri kopi zangu, kaka yake wa mke mkubwa, Bujiku, alipochungulia kioo cha kompyuta akacheka. Mama yake alitokea kwa herufi nene, nyekundu. Leokadia, mama yake Mbuke, alitokea kwa vijiherufi vya kijivu.

"Acha hivyo hivyo, mdogo wangu. Hata kompyuta inajua nani mkubwa!"

"Kompyuta haijui kitu, kaka. Ukinakili, maneno huja na nguo za kwao: aina ya herufi, rangi, ukubwa. Mwandishi wenu alipenda nyekundu, basi."

Akafuta sehemu zote mbili. Akazinakili upya, ila safari hii akachagua kubandika maneno matupu. Yote yakaingia na kuvaa sare ya ukurasa ule: meusi, saizi moja.

"Nitapeleka duka lingine!"

"Peleka. Hapa mama yangu hachapwi mdogo."

Bujiku akasogeza uso kwenye kioo. "Na jina la mama lilikuwa limekolezwa kwa herufi nene. Limekwenda wapi?"

"Ukolezaji nao umevuliwa. Nikirudisha, narudisha kwa wote wawili."

Nje waombolezaji waliokuja naye kwa gari walikuwa wanampigia honi. Bujiku akavuta kiti, akakaa.

"Haya, koleza wote."