Bibi Dakika na Mwanga wa Baada ya Jua

Ukitaka kugombana na Bibi Dakika, mwambie kwamba jua likishazama, giza limeingia. Atakutazama kuanzia unyayo mpaka utosini, kisha atakuuliza nani kakudanganya. Mwenyewe ana miaka ishirini na sita akitunza kile kiwanja kidogo cha ndege: njia moja ya changarawe, kibanda cha bati, redio, na daftari kubwa la jalada gumu ambalo hamruhusu mtu kuliwekea kikombe. Taa hakuna hata moja, na ndiyo maana dakika za jioni yeye anazijua kama anavyojua watoto wake.

Tabibu aliyehamia kituo cha afya mwezi ule alikuwa hajui habari hizo. Alimwona mama mfupi aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua kali, akifukuza ng'ombe kwenye njia ya ndege huku akiwatukana kwa heshima, akajisemea moyoni kwamba kweli serikali haikosi wa kuajiri. Aibu ya wazo hilo alikuja kuilipa baadaye.

Jioni moja alifika na gari la wagonjwa saa kumi na mbili na nusu. Ndani alikuwapo mke wa seremala, mumewe kando yake; amejifungua mchana, mtoto kabaki kituoni na mkunga, na damu haikatiki. Tabibu alikuwa amefanya yote ayajuayo. Chupa ya mwisho ya damu ilikuwa inaning'inia juu ya machela, na mama yule alihitaji chumba cha upasuaji kabla haijaisha. Ndege ya wagonjwa ilikuwa njiani. Lakini tabibu alipotazama magharibi, jua lilikuwa limeshapotea nyuma ya vilima.

"Tumechelewa, Bibi. Jua limezama."

"Limejificha, baba. Nyuma ya vilima," Bibi Dakika alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Kuzama kwenyewe ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu. Kamshike mgonjwa wako mkono."

Hapo ndipo redio ilipokohoa. Ilikuwa sauti ya karani mpya wa makao makuu kule mjini, kijana wa maneno yaliyopigwa pasi. Alisema rubani anatarajiwa kutua saa moja kasoro dakika tano, na orodha mpya ya nyakati iliyosambazwa kwa viwanja vyote inaonyesha mwanga wa kuruhusu ndege unaisha saa moja kasoro dakika nane. Kwa hiyo anamgeuza rubani. Mgonjwa asubiri asubuhi.

Tabibu alitazama ile chupa. Asubuhi ilikuwa mbali mno, na alijua mama yule hataiona.

"Orodha hiyo mmeipigia hesabu wapi?" Bibi Dakika aliuliza kwenye redio.

"Hapa makao makuu, Bibi."

"Sasa mimi niko makao makuu? Niko magharibi yenu nyuzi tatu kamili za longitudo. Jua linatumia dakika nne kwa kila nyuzi moja, halina gari la kuwahi. Likizama kwenu, mimi bado nina dakika kumi na mbili za kulitazama. Mwanga wangu unaisha saa moja na dakika nne. Ndege itatua kasoro tano, tutapakia, itaruka. Mjini kuna taa, itatua salama hata kukiwa giza totoro."

Kisha karani akauliza swali ambalo tabibu hakulisahau tena. "Bibi, una uhakika, au una huruma?"

"Huruma sijawahi kuiandika kwenye daftari hili, mwanangu."

Sauti nyingine, nzito na ya kizee, ikasikika nyuma ya karani. Ilikuwa ya mkuu wake. "Nani huyo, Bibi Dakika? Mpe ndege. Huyo mama haongezi dakika, hata kwa damu yake."

Tabibu hakuelewa maneno yale ya mwisho, na wala hakuwa na nafasi ya kuuliza. Ndege ilitokea juu ya vilima, ubavu wake ukimeta kwa mwanga uliokuwa umeshaondoka ardhini. Ikatua kasoro tano kama ilivyosemwa. Walibeba machela wote: dereva, seremala, tabibu na yule mama wa koti la mvua, aliyekuwa akihesabu dakika kwa sauti bila hata kuhema. Saa moja na dakika tatu magurudumu yakaachana na changarawe. Seremala akakaa chini palepale, akalia, na hakuna aliyemzuia.

Ilipofika dakika ya saba, tabibu alishangaa kwamba bado anaona kila kitu: mawe meupe ya kando ya njia, uzio, hata ng'ombe wale wakaidi.

"Bibi, mbona mwanga upo? Ungeweza kumpa hata dakika tano zaidi."

Bibi Dakika alimwonyesha anga kwa kalamu. "Jua limetuacha sisi tulio chini. Hewa ya juu kule bado inalipata, na inatumwagia mwanga wake. Ingekuwa hatuna hewa, giza lingetuangukia papo hapo. Jua likishuka nyuzi sita chini ya upeo wa macho, utusitusi wa kiraia, huu wa watu wa kawaida, umekwisha, na mimi nafunga. Mpaka nyuzi kumi na mbili ni wa mabaharia: nyota zinaonekana na mstari wa bahari bado unaonekana, basi wanapima safari yao. Mpaka kumi na nane ni wa watazama nyota. Hapo ndipo usiku wa kweli unaanza. Kwetu jua linashuka karibu wima, kwa hiyo wote hauzidi saa moja na robo. Nchi za mbali na ikweta linateremka mshazari, linakawia."

"Lakini naona vizuri, Bibi."

"Unaona kwa sababu macho yako yamezoea polepole. Rubani anatoka kwenye anga jeupe, akitazama chini anaona weusi mtupu. Macho ya aliye chini yanadanganya sana saa hizi."

Akafungua mwanzo wa daftari, ukurasa uliochakaa pembe, akamsogezea. Mwandiko ulikuwa wake, ulionyooka. *Saa moja na dakika saba. Mwanga umeisha dakika tatu zilizopita. Ndege nimeikataa. Mgonjwa: mume wangu.* Chini yake, kwa wino uleule: *Amefariki saa kumi na mbili na dakika tano alfajiri. Mwanga wa kuruhusu ndege: saa kumi na mbili na robo.*

Tabibu alisoma mara mbili. Sasa alielewa kwa nini mkuu wa mjini hakumbishia. Ndege ile ilikuja kwa sababu usiku ule wa zamani haikuja. Alimstahi mama yule kuliko mtu yeyote aliyewahi kumfundisha kazi, na alimwambia hivyo waziwazi.

"Asante, baba. Nilikuwa naona vizuri siku ile pia," alisema. "Mpaka ng'ombe niliwaona."

Wakakaa kwenye benchi mpaka nyota zikajaa. Saa mbili na dakika ishirini redio ikaita: mgonjwa ameingia chumba cha upasuaji, yu hai, anauliza kama mtoto amenyonya. Seremala aliruka akaenda kituoni kumwona mtoto. Bibi Dakika aliandika saa kwanza, kisha maneno. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena, na ikawa bado haijakauka.