Filamu Aliyochaguliwa Rukmiyati

Wagiyo alikuwa fundi wa pampu za maji, mwenye miaka arobaini na mitatu, na bahati yake kwa wanawake ilikuwa ya kunguru: kila alipotua, alifukuzwa. Mtaa mzima, hapa Semarang, Indonesia, ulishamzoea hivyo. Mtu akishazoeleka kwa upweke, watu humwona kama ukuta, hupita tu.

Isipokuwa Bu, yaani Mama, Kusmirah, muuza wali, mshenga ambaye hakuna aliyemtuma. Yeye ndiye aliyempata Rukmiyati, mshona sare za shule wa mtaa wa pili, miaka thelathini na minane, anayelea mtoto mchanga wa ndugu yake.

"Kakubali kuonana nawe mara moja," Bu Kusmirah akasema, akimpakulia wali. "Jumamosi, mchana, sinema. Baada ya hapo ataniambia kama anaendelea au haendelei. Ukiharibu hii, Mas, kaka yangu, mimi nastaafu."

"Mtoto wa ndugu? Ndugu mwenyewe yuko wapi?"

"Kula wali wako."

Mshenga hodari hafungui duka kwa kutandaza matanga. Wagiyo akala.

Ikabaki kuchagua filamu, na hapo ndipo wanaume wa kijiwe cha kahawa tulipojigeuza maprofesa. Jumba la sinema lilikuwa na skrini sita. Nne zilionyesha mizimu, kwa sababu taifa letu linalipa kwa furaha ili litishwe. Ya tano ilikuwa ya mapenzi, watu wakilia mvuani kwa saa mbili. Ya sita ilikuwa vichekesho vya familia moja ya kijijini inayogombania mbuzi, dakika tisini na sita tu.

"Mapenzi hapana," nikasema mimi, mshauri mkuu. "Siku ya kwanza unamketisha mbele ya watu wanaobusiana? Atadhani umeshakodi chumba. Vichekesho navyo, akicheka wewe usipocheka, mmeachana kabla ya kuanza."

"Kwa hiyo?"

"Mizimu, Mas! Akishtuka anashika mkono. Wake zetu wote tumewapata hivyo."

Wagiyo, kwa heshima yake, alijaribu kwanza kumuuliza mwenyewe. Alimwandikia: unapenda filamu za namna gani? Jibu likarudi: "Zozote, Mas. Mimi sina neno."

Naam. Msichana aliyelelewa Java ukimuuliza anataka nini, hana neno. Ukimuuliza kama ana njaa, hana. Mtu mwenye akili hamwulizi swali pana namna hiyo. Humpa mbili tatu achague, au humuuliza ya mwisho aliyoiona na ikamfurahisha, kisha anasikiliza kile anachokiruka. Sisi hatukuwa na akili. Tulikuwa na kahawa.

"Muulize kama anaogopa mizimu," nikamwambia.

Akauliza. "Siogopi," akajibu Rukmiyati. Kijiwe kikapiga makofi kana kwamba tumeposa.

Ijumaa nilimsindikiza kukata tiketi. Binti wa dirishani aligeuza skrini yake tuone viti, vyekundu vimeuzwa, vya kijani vipo.

"Ni mara ya kwanza kutoka naye?" akauliza, maana Wagiyo alikuwa akitoka jasho ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi.

"Ya kwanza."

"Hii ina saa mbili na dakika saba, Pak, mzee wangu. Na ni ya mama aliyefia kwenye uzazi, anarudi na sanda yake kumtafuta mtoto. Umemuuliza kama kuna kitu asichoweza kutazama?"

"Ameshasema haogopi," nikadakia.

"Sikuuliza kuogopa." Akagusa viti viwili vya kijani kando ya njia. "Basi chukueni hivi. Mtu akitaka kutoka, anatoka bila kumsumbua mwenzake."

Nikacheka mpaka watu wakageuka. Kando ya njia! Kama wanaosubiri basi! Nikachagua mimi: safu ya nyuma kabisa, pembeni, kiti cha Rukmiyati ubavuni mwa ukuta. Wagiyo akanitazama, akamtazama binti, akalipa.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Wagiyo mwenyewe, na sina sababu ya kudhani aliyapamba. Kama angeyapamba, angejipendelea.

Rukmiyati alikuja na kitambaa cha kichwa rangi ya majivu, na mfuko wa vitumbua vya ndizi alivyokaanga mwenyewe. Walizungumza vizuri kwenye foleni. Alimuuliza pampu hufa kwa nini, akasikiliza jibu lote, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Wagiyo akaingia gizani akiwa ameshaoa moyoni.

Safu ikajaa. Ukoo mzima ukaketi kati yao na njia, watu kumi na wawili na ndoo zao za bisi.

Dakika ya ishirini, mama wa kwenye filamu akafa. Dakika ya thelathini akarudi akirukaruka, amefungwa ndani ya sanda, na ukumbi ukapiga kelele, kisha ukacheka, kwa sababu kelele na kicheko kwetu ni kitu kimoja. Mtu wa mbele akaiga sauti ya kichanga kinacholia. Wakacheka zaidi.

Rukmiyati hakushika mkono. Hakusogea kabisa. Wagiyo akainama, akamwita dada kwa Kijava.

"Kweli huogopi, Mbak!"

"Fundo la sanda kichwani wamelifunga vibaya," akasema polepole. "Halikai hivyo."

"Umejuaje?"

"Wanawake wa mtaani kwetu huosha maiti zao. Dada yangu nilimvika sanda mimi. Mwezi wa tatu mwaka huu. Mtoto alikuwa na saa sita."

Kwenye skrini mama akajikwaa na sanda yake, na ukoo wote ukacheka, bisi zikimwagika.

Wagiyo aliniambia kwamba hapo alielewa kila kitu: filamu, ukuta, viti, mimi. Aliitazama njia, akayatazama yale magoti ya watu kumi na wawili na zile ndoo. Nyuso zingegeuka. Mtu angefoka kwamba haoni. Akaona haya. Kisha akatamka maneno ambayo, nadhani, atazikwa nayo.

"Vumilia, Mbak. Imebaki kidogo tu."

Ilikuwa imebaki saa moja na nusu.

Rukmiyati aliukunja mfuko wa vitumbua, akaushika mapajani, akatazama mbele mpaka taa zikawaka. Nje Wagiyo alimkaribisha tambi.

"Ahsante, Mas. Mtoto ananisubiri." Akapanda pikipiki ya abiria, akaondoka. Hata alitabasamu. Tumefundishwa vizuri kuficha.

Jumatatu Wagiyo aliketi kwa Bu Kusmirah kabla hajakaribishwa. Mimi nilikuwa benchi la pili na kikombe changu cha kahawa.

"Anasema kwa sasa ana sare nyingi za kushona," Bu Kusmirah akasema.

"Ni ile filamu. Mwambie sikujua!"

"Anajua hukujua. Mimi ndiye niliyekuficha habari za dada yake, na hilo nitajibu kwa Mungu wangu. Hakukasirikia filamu, Mas. Alikuomba mtoke."

"Hakuniomba!"

"Alikuambia alimvika dada yake sanda. Ulitaka akuandikie barua yenye muhuri?"

Wagiyo akageuza kichwa kunitafuta. Nikaitazama kahawa yangu.

"Nimpigie simu?" akauliza.

"Umpigie umwambie nini?"

Bu Kusmirah alisubiri, mwiko mkononi, na nadhani alitamani kweli apewe jibu la kupeleka. Hatimaye Wagiyo akalipia wali ambao hakuugusa, akachukua begi lake la spana, akaenda kufungua pampu ya mtu.