Barua ya Adolphe na Masomo Yanayoanguka

Hapa Misiera, kijiji cha makazi ya wakimbizi, mtu akitaka barua rasmi humwendea mwalimu Adolphe, Mkongo wa Uvira, mkuu wa shule yetu. Ana kalamu tatu mfukoni na imani moja moyoni: jambo likishaandikwa vizuri limeshafanyika. Mimi ni Venuste, Mrundi, nafundisha darasa la nne. Nampenda Adolphe, ila hakosolewi, hasa na Mrundi.

Upepo wa Agosti ulipong'oa mabati ya darasa la tano na kuinamisha ukuta, marafiki wa shule yetu walioko ng'ambo walisema: tutumieni video ya kuchangisha, tutakaa Ijumaa tuamue. Tukamtafuta Kabanda, kijana wa kupiga video kule Mbarara, mwenyeji, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambi ya Makenke, na Kiswahili chake ni cha askari. Adolphe akaketi siku mbili kumwandikia maelekezo.

Barua yenyewe ilipendeza, sitasema uongo. Malipo laki sita, nusu kabla ya kazi, nusu baada. Kupiga Jumatatu, kibali cha ofisi ya kamanda wa makazi na sahihi za wazazi tayari. Video moja ya dakika tatu, nyingine ya dakika moja, ya wima, kwa ajili ya simu, maandishi ya Kiingereza chini, picha kumi. Kila kitu kitumwe moja kwa moja ng'ambo, Alhamisi saa sita mchana. Kipengele cha sisi kuiona kwanza alikifuta, kwa sababu kwa kila marudio Kabanda alitaka elfu hamsini zaidi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Kitu ya lazima: onyesha namna masomo yetu inaanguka."

Alitusomea ofisini, kisha akanipa niisome mwenyewe. Nikaisoma. Nikasema, "Safi."

Jumatatu Kabanda alipofika, Adolphe alimpungia mkono tu, akaenda Base Camp, penye ofisi za makazi, kwenye mkutano. Nilimwambia abaki amwongoze.

"Ya nini?" akasema. "Barua imesema yote. Mutu mwenye anajua kusoma hawezi kupotea."

Kabanda alifanya kazi kwa bidii ya kusikitisha. Jua lilikuwa linaingia darasani bila paa na kuharibu nyuso za watoto, basi akafunga turubai juu, kivuli kikawa kizuri. Akamwita Divine, binti anayeongoza darasa zima kwa hesabu, akamwambia aandike ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne. Divine alikataa mara mbili, akaambiwa ni kwa faida ya shule. Akaandika huku anatokwa na machozi. Kabanda akafurahia machozi.

Alhamisi saa tano na nusu video ilitumwa, nakala ikatujia. Dakika tatu kamili. Maandishi hayakuwa na kosa hata moja. Mtoto baada ya mtoto anakosea, anajikuna kichwa, na hakuna ukuta ulioinama wala anga juu. Adolphe alimpigia Kabanda simu kwa sauti iliyofika sokoni.

"Paa iko wapi? Nilikuandikia masomo inaanguka!"

"Mzee, ndiyo hiyo. Watoto nashindwa masomo. Masomo naanguka kabisa!"

"Masomo ni nyumba! Ni ile fasi batoto banaenda asubuhi!"

"Aa, mzee. Hiyo huku sisi naita shule."

Adolphe aliomba irekebishwe. Kabanda, kwa heshima zote, akamkumbusha kwamba marudio yalifutwa, na kwamba ng'ambo wameshaifungua.

Ng'ambo walilia. Waliandika kwamba hawajawahi kuona watoto waliokosa elimu kiasi kile, na kwa bahati nzuri darasa linaonekana imara. Wakatutumia vitabu vya hesabu mia tatu, na semina ya siku tatu ya kutufundisha sisi walimu kufundisha.

Vitabu vilifika pamoja na mvua. Viko nyumbani kwa Adolphe, penye bati. Darasa la tano liko chini ya turubai aliloliacha Kabanda, na mvua ikizidi wanarudi kwao. Divine anaitwa "Hamsini na Nne" na kila mwenye simu. Misiera nzima inamcheka Adolphe, nami nimecheka nao.

Jana alinipa barua ya shukrani niisome kwanza. Hajawahi kuniomba nimtafutie kosa.

"Venuste," akasema taratibu, "ile ya kwanza uliisoma wewe pia. Hukuona kitu?"

Niliona. Kwetu Warundi wa Buyenzi pia tunasema shule. Lile neno "masomo" la wino mwekundu lilinigonga macho palepale ofisini. Nikataka siku moja tu barua yake ikosee.

"Sikuona kitu, mwalimu," nikasema.

Akaniamini. Mvua ilikuwa imeanza, na darasa la tano walikuwa wanapita mlangoni, wanakwenda kwao.