Mzee Bushiri na Maji Yasiyokolezwa

Mzee Bushiri wa Ipogolo anauza supu ya mbuzi kando ya barabara kuu, na ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona chungu akaacha kuonja, wala akionja hawezi kuacha kurekebisha. Amewahi kunikolezea chai nikiwa nimeshaanza kuinywa. Msibani kwa watu asiowajua aliingia jikoni, akaonja pilau, akaagiza bizari. Nampenda sana, lakini kuna siku natamani kumfunga mikono.

Ijumaa moja mjukuu wake, Shufaa, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliamka anaharisha maji matupu. Mama yake, Batuli, hakuchelewa. Alikwenda zahanati, akapewa pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na maelekezo, akachemsha maji, akayapoza, akachanganya pakiti moja kwenye lita moja kamili. Kisha akaingia ndani kumbadilisha mtoto nguo.

Kosa lake lilikuwa kuliacha jagi mezani kwa baba mkwe.

Mzee alionja. Akakunja uso. Maji gani haya, hayana mbele wala nyuma! Akatia chumvi kijiko kimoja, sukari viwili, akakamulia ndimu, na kwa heshima ya mgonjwa akanyunyiza pilipili manga kidogo. Akaonja tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kuwahudumia madereva wa malori.

Batuli akarudi akampa bila kujua, na Shufaa akanywa. Maskini, alikuwa na kiu, angekunywa hata maji ya betri. Akaharisha zaidi, akatapika, kiu ikazidi. Kufika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Batuli alipiga kelele kuniita, maana mimi ni jirani na bajaji yangu ilikuwa nje, na tukaondoka wote wanne. Mzee alikuwa ameshavaa kanzu ya Ijumaa. Mimi niliogopa sana. Mtoto alikuwa mwepesi mno mikononi mwa mama yake.

Kule zahanati, muuguzi Faustina alimfinya Shufaa ngozi ya tumbo. Ilirudi taratibu, dalili ya mwili kukaukiwa maji.

"Mmempa nini?"

"ORS, sista," Batuli akasema.

"Niliyoikoleza mimi," mzee akadakia, na akamtajia mapishi yote, mpaka pilipili manga, kama anayegombea zawadi.

Faustina akamgeukia. "Babu, hii si supu! Ile pakiti imepimwa. Sukari kidogo inaisaidia chumvi kupenya kwenye utumbo, na maji yanaifuata yaingie mwilini. Ukizidisha, maji yanatoka mwilini yanarudi tumboni. Umemkausha mtoto huku unamnywesha."

Mzee alikaa chini kwenye benchi kwa kishindo. 

"Nimemuua mke wangu?" akauliza. Faustina alishtuka, ikabidi nimweleze kwamba mke wenyewe ndiye huyo mjukuu.

"Bado anaweza kunywa, kwa hiyo tunaanza hapa hapa. Akishindwa kunywa au akilegea, tunamtundikia maji na kumkimbiza hospitali. Batuli, endelea kumnyonyesha. Babu, wewe shika kijiko."

Akachanganya jagi jipya mbele yetu. Mzee akapewa kikombe na kijiko cha chai: kidogo kidogo, bila haraka. Shufaa alipotapika, tulisubiri dakika kumi kama tulivyoambiwa, kisha mzee akaanza upya, polepole zaidi. Mara kijiko kikapotea njia, kikaelekea mdomoni mwake.

"Babu!"

"Napima joto tu, sista."

"Rudisha."

Akarudisha. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini kama tone moja la ndimu lingemkera mtu. Batuli akamwangalia, naye akajifanya anakohoa.

"Mbona bado anaharisha?" mzee aliuliza adhuhuri ilipopita. Swala ilikuwa imempita na hakuitaja.

"Ataharisha bado," Faustina akasema. "Dawa hii haikimbilii kuzuia kuharisha. Inarudisha maji na chumvi vinavyopotea, asikauke. Vidonge vya zinki nitawapa, mmalize vyote hata akipona. Ninachosubiri sasa ni mkojo; akikojoa, ujue maji yameingia mwilini."

Basi tukasubiri mkojo, watu wazima watatu tukikodolea macho nepi kama mpira wa fainali. Mzee alimpakata Shufaa, kijiko baada ya kijiko, midomo imekazwa ili asionje.

Alasiri, kanzu ikalowa. Maji yalianza pajani, yakateremka mpaka gotini, yakatiririka sakafuni. Batuli aliruka kumchukua mtoto.

"Mwache!" mzee akafoka. Machozi yalikuwa yanamdondoka ndevuni. Akamkumbatia yule mtoto aliyelowa, akamnong'oneza, "Kojoa, mke wangu. Kojoa tena."