Kofia ya Shemeji

Mimi kusoma sijui. Ninachojua ni midomo ya watu. Nikikusikia mara moja tu unavyoomba chumvi kwa jirani, basi sauti yako ninayo mpaka nife. Haya nayasema mimi, anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemwambia asinirekebishe.

Huyu mjukuu ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mpanda, anakaa kwangu Kawajense. Siku moja akaja na kitabu kinene kama tofali la kuchoma. Ni riwaya ya mzee mmoja wa hapa hapa mjini, mwalimu mstaafu. Inahusu familia iliyohama na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka huku kwetu. Baba anafia njiani, halafu mke mkubwa na shemeji yake, mdogo wake marehemu, wanagombea mifugo. Mjukuu anataka kuigeuza mchezo wa jukwaani.

Mzee mwenye kitabu alikubali kwa shingo upande. Nilikuwepo. Kwanza anakohoa, ndiyo anaongea, kama pikipiki ya asubuhi: "Ehe-ehe-eheem! Binti, kata utakapo. Ila ugomvi wa shemeji usiuguse. Huo ndio kitabu. Nitakuja siku ya kwanza. Nikiona mmeuchinja, mchezo unaishia hapo hapo."

Mjukuu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Ameutamani mchezo huu toka yuko chuo.

Tatizo, kitabu kina watu ishirini na sita. Yeye ana waigizaji wawili: yeye mwenyewe na kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Wakawa wanafanya mazoezi uani kwangu, mimi napukuchua mahindi. Nikavumilia siku ya kwanza. Ya pili nikashindwa.

"Mbona baba mwenye nyumba na mke wake wanaongea sauti moja? Wamezaliwa mapacha?"

Bodaboda akasema, "Bi mkubwa, kama unaweza, ingia."

Nikaweka ungo chini. Nikafanya mke mkubwa, nikafanya mkwe, nikafanya na ng'ombe dume. Kijana akashika kichwa. "Bibi we noma!" Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa bila mshahara.

Sasa tukapunguza watu. Kitabuni kuna wajomba wanne, wote kazi yao kushauri vibaya. Tukawafanya mjomba mmoja, tukamrundikia ushauri mbaya wote. Wale wanaokuja kuleta habari tu, tukawafuta, habari zao anazisema kwa watazamaji yeyote asiye na kazi wakati huo. Kurasa tatu za mvua? Bodaboda anapiga vidole kwenye benchi, na watu wanalowa. Vitu vyetu vilikuwa benchi moja, kigoda kimoja na fimbo moja. Benchi likilala ni kitanda cha mgonjwa, likisimamishwa ni mlango, tukilibeba ni jeneza. Ng'ombe hatukuwa nao hata mmoja. Unashika fimbo, unapiga mluzi, unatazama mbali, na mtu anawaona.

Tukabaki na watu kumi na mmoja, wa kugawana watatu. Mjukuu akachora jedwali kwenye daftari. Nikamwambia jedwali lako mimi silioni. Nikachora mistari kumi na minne kwenye vumbi, kila mstari onyesho moja. Mjukuu ni maharage, bodaboda mahindi, mimi karanga. Kila mtu wa kitabuni aliyemo kwenye onyesho, weka punje ya anayemwigiza. Ikawa wazi kama mchana: hapa haragwe limetoka, lina mstari mzima wa kubadilisha kanga. Hapa hindi halina nafasi ya kupumua, mpunguzie.

Mstari wa kumi na mbili, karanga mbili. Mke mkubwa ni mimi, na shemeji yake ni mimi. Ndio ule ugomvi.

"Mpe bodaboda shemeji," nikasema.

"Bibi, bodaboda hapo ni mjomba, na mimi ni mke mdogo. Wote tunaongea." Macho yake yakajaa maji. "Basi. Mzee atatukatalia."

Nikamuuliza, we mtoto, hujawahi kwenda msibani? Kwetu mtani wa marehemu anavaa koti lake, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anamdai mjane chai. Halafu analivua, anamjibu marehemu. Mtu mmoja, na hakuna anayeuliza nani ni nani. Nimefanya kazi hiyo misiba mingi kuliko padri.

Tukatafuta kofia ya pama. Nikivaa, ni shemeji: tumbo mbele, maneno yanatokea puani. Nikivua, ni mke mkubwa: kanga begani, shingo chini. Mara ya kwanza nikawa navaa na kuvua kwa kila sentensi, bodaboda akacheka mpaka akaanguka na benchi. Mjukuu akasema inachekesha pasipotakiwa. Akaona dawa: tuyakusanye maneno. Shemeji aseme yake yote kwa mpigo mmoja. Halafu niiweke kofia kwenye kigoda taratibu, na mke aongee na kofia. Na mjomba na mke mdogo wakiongea, waitazame kofia, wasinitazame mimi. Macho yao ndiyo yanamkalisha shemeji pale. Tukajaribu. Nikaiogopa kofia mwenyewe.

Siku ikafika, ukumbi wa parokia umejaa, mpaka watu wa Magamba wamekuja. Mzee mwenye kitabu mbele kabisa, kitabu mapajani. Tukaenda vizuri. Watu wakaliona jeneza, mama mmoja akasema "Poleni" kwa sauti, nikataka kumjibu asante.

Mstari wa kumi na mbili. Nimevua kofia, nimeiweka kigodani, mimi ni mke mkubwa sasa. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya puani: "Ng'ombe ni wa ukoo, mwanamke hana boma!"

Maneno ya shemeji! Na kofia sinayo kichwani!

Nikamwona mjukuu amekuwa rangi ya majivu. Mzee ameinua kitabu. Lakini msibani mtani akikosea hakimbii, anamsingizia marehemu. Nikajipiga kofi la mdomo, nikaigeukia kofia.

"Shemeji! Ng'ombe umechukua, boma umechukua. Sasa na mdomo wangu umeuingia?"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Halafu kicheko kikafa chenyewe, kama moto uliomwagiwa maji, maana waliona ni kweli: yule mama hajabakiwa hata na sauti. Mjukuu, mke mdogo, hakuambiwa na mtu, akaja akanisimamia ubavuni. Tukaitazama kofia wote wawili. Haikujibu.

Mwisho mzee akapanda jukwaani. Nikahesabu vikohozi, vilikuwa vitatu, vya hatari.

"Ehe-ehe-eheem! Yale maneno ya mdomo hayamo kitabuni mwangu."

"Hayamo, mzee," mjukuu akasema, anaangalia viatu vyake.

"Nimekaa na yule mama miaka saba naandika, hakunitamkia." Akaliokota daftari la mchezo pembeni ya jukwaa, akamkabidhi mjukuu. "Yaandike humo. Na mwende Majimoto kabla watu hawajarudi mashambani."

Mjukuu akapiga kigelegele, yeye mwalimu mzima.

Tumeshakwenda Majimoto, tumekwenda na kwingine. Kazi yangu sasa imekuwa ngumu zaidi, maana kosa limeingia kwenye daftari na kila tunapocheza lazima nilikosee upya, kama sikujua. Juzi nilisahau kukosea. Nikasema maneno sawasawa kama yalivyo kitabuni.

"Bibi," mjukuu akaninong'oneza jukwaani, kwa sauti yake ya darasani ile kali, "umeharibu!"