Barua ya Moto wa Njano

Jengo zima lilimwita Pasi, na hakuchukia. Miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi katika duka la dobi ughaibuni, akinyoosha mashati ya watu wasiomjua, na Kifaransa chake chote kilikuwa kimetoka huko pamoja na darasa la jioni la Jumanne na Alhamisi. Alijua *chemise*, *pantalon*, *sale*, *propre*, *chaud*, *froid*, *demain*: shati, suruali, chafu, safi, moto, baridi, kesho. Alijua kuhesabu, kusalimia na kuomba radhi. Zaidi ya hapo alitabasamu, na tabasamu lilimfikisha mahali pengi.

Alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa ajali ya kazini, akamwachia chumba kimoja na jiko kwenye ghorofa ya pili, mlango namba sita, na mama mkwe mwenye miaka sabini na mitatu. Wenye midomo walisema mkwe na mavyaa hawakai sufuria moja. Hawa walikaa. Mama mkwe alikuwa na ulimi mkali kama wembe, lakini hakuutumia kwa Pasi. Aliutumia kwa redio.

Jikoni, juu ya sinki, palikuwa na mashine ya gesi ya kupasha maji. Mwanzoni mwa msimu wa baridi Pasi aliona moto wake umebadilika. Zamani ulikuwa wa buluu na mfupi. Sasa ulikuwa wa njano na wenye kuyumba, na ukuta juu ya mashine ulikuwa umeanza kupakwa masizi. Wakati huohuo vichwa vikaanza kuwauma. Pasi aliamka na kichwa kizito, akaenda kazini, na kufikia saa nne kikawa chepesi. Mama mkwe, ambaye hakuwa na kazi ya kwenda, aliumwa mchana kutwa.

"Ni uzee, mwanangu," alisema. "Uzee hauna dawa."

"Mimi nina arobaini na moja, mama. Wangu ni nini?"

Pasi akamwambia mtunza jengo. Mtunza jengo, aliyekuwa na funguo nyingi kuliko majibu, alisema mwenye nyumba hasikilizi maneno ya mdomo. Aandikiwe.

Basi akaenda kwa mwandishi wa barua, mzee mwenye tai na kalamu tatu aliyekaa na meza yake mkabala na posta. Pasi alimweleza kwa Kiswahili: mashine, moto, masizi, vichwa. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaandika ukurasa mzima bila kuinua macho. Maandishi yalikuwa mazuri kama taraza. Pasi hakuelewa hata mstari mmoja, ila aliona aibu kuuliza. Akatia sahihi.

Siku ishirini zikapita. Hakuna aliyebisha hodi.

Alhamisi moja, darasa lilipokwisha, alibaki nyuma na kumwonyesha mwalimu nakala ya ile barua. Mwalimu alikuwa mama mnene aliyejua Kiswahili na asiyependa maneno mengi. Mchana alifanya kazi ya kupokea wagonjwa zahanati. Alisoma kimya. Alipofika chini akarudi juu, akaanza upya.

"Hii inasema nini?" Pasi aliuliza.

"Inasema una heshima kubwa kumjia kwa unyenyekevu. Inamsifu ukarimu wake. Inamtakia afya yeye na jamaa yake." Kidole cha mwalimu kilishuka, kikashuka. "Mashine imetajwa hapa, mstari wa kumi na tisa. Kwamba ingefaa aitazame *à votre convenance*. Maana yake, wakati atakapopata nafasi."

"Na vichwa?"

"Vichwa havimo."

Pasi alikaa. Mwalimu akamuuliza moto ni wa rangi gani, na alipojibiwa, uso wake ukabadilika.

"Nisikilize vizuri, dada. Leo ukifika, izime hiyo mashine na ufunge valvu ya gesi. Fungua dirisha. Msiiwashe tena mpaka fundi aje. Ule moto unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Haikohozeshi, haiwashi macho. Inakulaza tu."

Kisha akavuta karatasi tupu, akaisukuma mbele ya Pasi pamoja na kalamu.

"Uandike wewe."

"Mimi? Kwa Kifaransa gani?"

"Kwa hicho ulicho nacho. Usiweke neno usilolijua. Akikupigia simu kuuliza, uweze kujibu kila mstari. Anza kwa *Monsieur*, yaani Bwana, kisha mkato."

Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Pasi alijua *j'habite*, kwa hiyo akasema anapokaa. Hakujua jina la mashine. Mwalimu akampa moja tu, *chauffe-eau*, akamfanya alitamke mara tano mpaka likawa lake. *Jaune*, njano, alilijua kwa madoa ya kwenye kola. *Noir*, nyeusi, alilijua. *Mal à la tête*, kuumwa kichwa, alikuwa amejifunza wiki ya tatu. Alipofika kwenye ombi aliandika *Je veux un technicien*, nataka fundi.

"Hapo umeupiga mlango teke," mwalimu alisema. "Bisha hodi kwanza."

"Nibishe vipi?"

"*Pouvez-vous*, je, mnaweza. Na usimwambie *tu*, ile 'wewe' ya marafiki; hujacheza naye utotoni."

Akafuta, akaandika tena. Mwishoni alitaka kuweka salamu ndefu kama ya mzee wa posta, akiogopa kuonekana hana adabu. Mwalimu akamuuliza ni neno gani la kuagia amewahi kuliona kwa macho yake. Pasi akafikiri, akakumbuka *cordialement* chini ya matangazo yaliyobandikwa ukutani kazini. Barua ikatoka hivi:

*Monsieur,*

*J'habite au deuxième étage, porte 6. Le chauffe-eau ne marche pas bien. La flamme est jaune. Le mur est noir. À la maison, ma belle-mère et moi, nous avons mal à la tête. Dehors, ça va mieux. C'est dangereux.*

*Pouvez-vous envoyer un technicien cette semaine, s'il vous plaît ?*

*Merci d'avance.*

*Cordialement,*

Juu aliandika tarehe, jina lake na anwani, kisha jina na anwani ya mwenye nyumba. Chini akatia sahihi. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na hakuteleza: anakaa ghorofa ya pili, mlango namba sita; mashine haifanyi kazi vizuri, moto ni wa njano, ukuta ni mweusi; nyumbani yeye na mama mkwe wanaumwa vichwa, nje wanapata nafuu; ni hatari; je, anaweza kumtuma fundi wiki hii, tafadhali. Hakuwa amewahi kutia sahihi karatasi ya nchi ile huku akijua yote yaliyomo.

Kesho yake alitoa nakala, akaituma barua kwa rejista, ile ambayo mpokeaji husaini kadi na kadi ikarudishwa kwa aliyetuma. Jumatano kadi ikarudi na sahihi ya mwenye nyumba. Pasi aliiweka pamoja na nakala ndani ya bahasha moja, akasubiri fundi.

Usiku ule alipotoka kwa mwalimu, Pasi alikuwa amezima mashine kama alivyoagizwa. Walipasha maji kwa birika la umeme, birika moja baada ya jingine, na vichwa vikatulia. Pasi alimweleza mama mkwe habari ya hewa ya sumu. Mama mkwe alimsikiliza, akasema sawa. Lakini hewa isiyo na harufu ni vigumu kuiogopa kwa muda mrefu. Jumatatu baada ya kadi kurudi, baridi ilishika, Pasi alikuwa na zamu ndefu, na yule bibi alijua mkwe wake atarudi na miguu imekufa ganzi. Akataka Pasi akute maji ya moto. Akafungua valvu, akaiwasha mashine, na kwa sababu ya baridi akafunga dirisha.

Pasi alirudi jioni. Aliita, hakuitikiwa. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni kando ya sinki, mgongo ukutani, mashavu yamekuwa mekundu kama ya mtu mwenye afya njema, na maji yalikuwa yakitiririka bado. Pasi hakukumbuka baadaye alivyofanya yote: gesi, dirisha, kumvuta bibi kwa makwapa mpaka kwenye ngazi. Kwenye simu ya zimamoto Kifaransa chote kilimtoka kichwani kasoro maneno matatu. Alisema *flamme jaune*, moto wa njano, akasema *belle-mère*, mama mkwe, akataja namba ya nyumba. Wakaelewa. Walikuja na mtungi wa oksijeni.

Wiki mbili baadaye ofisi ya nyumba ya manispaa iliwaita. Mwenye nyumba alikuwa mwanamume wa makamo mwenye duka la viatu, na hakuwa na sura ya ubaya. Alisema alipata barua ya kwanza, akaiona ni nzuri, akaiweka kwenye droo. Ya pili ilimshangaza. Ilikuwa na maneno mafupi mafupi. Alidhani imeandikwa na mtoto, au mtu anamfanyia mzaha.

Afisa, mwanamke mwenye miwani, alimwomba Pasi nakala. Akaisoma yote kwa sauti. Haikuchukua nusu dakika. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni ili kutafsiri, lakini kwa nusu dakika hiyo Pasi hakumhitaji.

"Ni neno gani hukulielewa, bwana?" afisa aliuliza.

Mwenye nyumba alitazama mikono yake. "Niliyaelewa yote," alisema.

Akaongeza kwamba, kwa taarifa ya zimamoto, mashine ilikuwa imeshazimwa; sasa nani aliiwasha? Mwalimu alipomtafsiria Pasi swali hilo alishusha sauti, kana kwamba angeweza kulipunguza uzito. Pasi alilijua tangu siku ya kwanza hospitalini. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Akajibu mwenyewe.

"*Ma belle-mère. Pour moi.*" Mama mkwe wangu. Kwa ajili yangu.

Afisa aliandika hayo pia. Kisha akamwambia mwenye nyumba kwamba mashine mbovu iliyoachwa ukutani ni yake, na kwamba alikuwa na zaidi ya siku tano mkononi tangu asaini kadi. Aliamriwa kukagua mashine zote za gesi za jengo. Mafundi walikuta nyingine mbili zenye bomba la moshi lililoziba. Zote zikabadilishwa, na ya Pasi ya kwanza.

Mama mkwe alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Alitembea, alikula, alijifunga kilemba chake mwenyewe. Daktari alikuwa ameonya kuwa sumu ile huendelea kudai deni lake hata baada ya kutoka mwilini, na ikadai. Redio hakuigombeza tena. Aliisahau sufuria motoni, alisahau ghorofa wanayokaa, alisahau kifo cha mwanawe.

"Hajarudi bado?" aliuliza kila jioni.

Mara tatu za kwanza Pasi alimwambia ukweli, kwa upole, akiwa amemshika mkono, na mara zote tatu yule mama alipokea msiba upya, akalia mpaka sauti ikakauka, na asubuhi hakukumbuka ni nini kilichomliza. Mara ya nne Pasi alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Yuko kazini, mama," alisema. "Kula kwanza."

Bibi akavuta sahani. Pasi aliendelea kusuuza vikombe kwa maji ya moto, kimoja kimoja, kisha akaufunga mfereji.